Pindua Kitako, Kisha Tikisa Mkono

Presha kuka mbili zimelazwa kifudifudi juu ya meza. Zote ni za alumini, na zote zina jina lile lile maarufu katikati ya kitako. Chini ya jina imeandikwa "5 L", na pembeni kuna alama ya jiko la indaksheni. Mnunuzi ana simu mkononi, amefungua picha ya kitako halisi, anaifuata herufi kwa herufi. Zinafanana. Anaigeuza ya kwanza, anashika mkono wa sufuria na kuusukuma kulia na kushoto. Umetulia. Anashika mkono wa ile ya pili. Unacheza, kidogo tu, kama unene wa ukucha.

Ipi ni feki?

Swali hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Jibu la haraka ni kwamba feki ni ile inayocheza, na mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara. Jibu la hatari ni kwamba zote ni halisi kwa sababu mihuri inafanana. Katikati ya majibu hayo mawili kuna mambo ambayo mtu anaweza kuyakagua kwa macho, kwa vidole na kwa sumaku ndogo kabla ya kutoa hela yake.

## Mhuri ni rahisi kuiga

Mwenye mashine ya kukandamiza bati la alumini likawa sufuria anaweza kukandamiza herufi pia. Kalibu ya mhuri hutengenezwa mara moja tu, kisha inagonga maelfu ya vitako bila kuongeza gharama ya maana kwa kila chombo. Mhuri wa leza ni rahisi zaidi, maana hauhitaji hata kalibu. Ndiyo maana ule ushauri wa kutafuta kosa la tahajia kwenye jina umepitwa. Bado wapo wanaobadilisha herufi moja ili jina lionekane kama lile maarufu, lakini mwigaji makini haandiki vibaya.

Mkono ni habari nyingine. Pale kila chombo kina gharama yake: ribiti ya tatu badala ya mbili, bati nene la kushikilia mkono, kipande cha shaba cha kupokea skrubu, kola ya chuma ya kuzuia moto. Anayetaka kubana matumizi anabana hapo, kwa sababu chombo kikiwa kipya na kitupu hakuna atakayeona.

Kwa hiyo mimi husoma kitako kujua chombo kinadai kuwa nini, kisha naenda kwenye mkono kuona kama dai hilo lina msingi.

## Jina moja, wenye nalo wawili

Kabla ya hapo kuna shaka moja inayowapoteza hata wazoefu. Tunapenda kulinganisha kitako na picha ya "orijino", kana kwamba orijino ni moja. Si hivyo. Jina Prestige, kwa mfano, nchini India ni la kampuni ya TTK Prestige, na nchini Uingereza linatumiwa na kampuni ya Meyer. Hizo ni kampuni mbili tofauti, na bidhaa zao zinakutana kwenye meza moja zikiwa na mihuri isiyofanana, zote halali.

Neno "Teflon" kwenye kitako cha kikaango nalo halimtaji aliyekitengeneza kikaango. Ni jina la biashara la utando wa nonstiki, ambalo leo lipo mikononi mwa kampuni ya Chemours, na watengenezaji wengi wa vikaango hununua utando huo na kuutaja kwenye bidhaa zao. Tefal, ambayo jina lake limeungwa kutoka Teflon na alumini, ni kampuni nyingine kabisa, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1956. Anayeona "Teflon" na kudhani amenunua kikaango cha Tefal hajatapeliwa na mhuri, ameusoma haraka.

Mhuri kutofanana na picha, basi, hakutoshi kumhukumu muuzaji. Na kufanana nayo hakutoshi kumsafisha.

## Namba inayoweza kuulizwa

Kwenye kitako au ubavuni mwa presha kuka kuna kitu kimoja chenye thamani kuliko jina: namba ya kiwango. Presha kuka za Ulaya hutengenezwa kwa kiwango cha EN 12778, za Marekani kwa UL 136, na za India kwa IS 2347. Napendelea kukagua ile ya India, kwa sababu alama yake inaweza kuulizwa ikajibu.

Alama hiyo, iitwayo ISI, ikikamilika ina sehemu tatu. Juu yake kuna namba ya kiwango, IS 2347. Katikati ni nembo yenyewe. Chini yake kuna namba ya leseni inayoanza na CM/L, ikifuatiwa na tarakimu. Nembo peke yake, bila namba juu wala chini, ni mchoro tu. Na namba ikiwepo, inaingizwa kwenye programu ya simu iitwayo BIS Care, ya shirika la viwango la India, nayo inaonyesha leseni hiyo ni ya nani na kama bado ni hai.

Hapa ndipo wengi wanaishia, na wanaishia mapema. Mwigaji anaweza kunakili namba ya kweli kutoka kwenye chombo halisi. Kwa hiyo usiridhike na jibu kwamba leseni ipo. Soma jina la kampuni na bidhaa inayohusika, kisha ulinganishe na jina na anwani zilizo kwenye boksi. Namba iliyotolewa kwa mtengenezaji mmoja ikiwa imekaa kwenye chombo cha mwingine, mambo yameisha.

Kitako hakina zaidi ya hapo cha kusema kuhusu jina, ila kinasema kidogo kuhusu kazi. Pitisha kidole juu ya maandishi. Yaliyogongwa kwenye chuma yana kina. Yaliyochapwa kwa wino hayana, na hupotea motoni. Kisha weka rula juu ya kitako kikiwa baridi. Mwanga mdogo ukionekana chini ya rula katikati ni sawa, kwani kitako hujengwa kikiwa kimebonyea kidogo kuingia ndani ili kikipata moto kitanuke na kukaa bapa. Rula ikibembea, maana yake kitako kimevimba kwenda nje, na chombo kitazunguka juu ya jiko bapa.

## Meno ya mfuniko

Sasa turudi mezani, kwenye ule mkono unaocheza.

Kwenye sufuria ya kawaida mkono ni wa kubebea. Kwenye presha kuka ya mfuniko wa nje, yaani ile ambayo mfuniko unazungushwa juu ya ukingo mpaka mkono wa juu ukae juu ya mkono wa chini, mkono una kazi ya pili isiyotajwa sana: ndio unaokuambia kwamba meno ya mfuniko yameingia yote chini ya meno ya sufuria. Huyaoni meno ukiwa unapika. Unaona mikono imekutana, unaamini.

Presha kuka nyingi hufanya kazi kwa takribani kilopaskali 100 juu ya hewa ya kawaida, na ndiyo maana maji ndani yake huchemka karibu na nyuzi 120. Mfuniko wenye kipenyo cha sentimita 20 una eneo la sentimita za mraba 314 hivi. Zidisha, utapata nguvu inayosukuma mfuniko juu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 300. Nguvu hiyo yote inabebwa na yale meno. Yakiwa yameingia nusu, nusu ya chuma inabeba mzigo wa chuma kizima.

Mkono uliofungwa mahali pasipo pake, au uliolegea na kuhama, unadanganya kuhusu jambo hilo. Mikono inakutana vizuri huku meno yamebaki nusu nje.

Kukagua hakuhitaji moto. Toa mpira wa mfuniko, toa kizito cha filimbi, sufuria iwe tupu. Funga mfuniko taratibu mpaka mikono ikutane, kisha iname uangalie ukingo kuuzunguka wote. Chora kwa penseli pale kila jino la mfuniko linapoanza na linapoishia, ulinganishe na jino la sufuria. Kwenye chombo kilichofungwa vizuri yanalala moja chini ya jingine karibu urefu wote, na kila upande kwa kiasi kile kile. Sasa ushike mkono wa chini kwa nguvu na usukume wa juu kulia na kushoto. Alama za penseli zikibaki mahali pake huku mkono ukicheza, skrubu ya mkono imelegea tu. Alama zikihama pamoja na mkono, mfuniko wenyewe haujashikwa, na hilo si la kurekebisha kwa bisibisi.

Kwa presha kuka ya mfuniko wa ndani, kama zile za Hawkins, hesabu inabadilika. Mfuniko unapitishwa ndani ya mdomo wa sufuria na presha yenyewe inaubana kutoka ndani. Mkono wake unaushikilia mwanzoni, kabla presha haijajengeka. Kulegea kwake kunavujisha mvuke na kuudhi, lakini hakubebi hatari ile ile. Hukumu moja haifai kwa aina zote mbili.

## Ribiti, skrubu na kile kipande cha shaba

Tukirudi kwa ile ya pili mezani: ukiukagua mkono wake, unaanza ndani ya sufuria, si nje.

Ndani utaona vichwa vya ribiti vinavyoshikilia bati la mkono. Ribiti nzima, isiyo na tundu, ina kichwa cha mviringo kilicholala kabisa kwenye ukuta. Ribiti ya bomba ina shimo dogo au kitovu katikati, na hiyo ni ya vitu vyepesi, si ya chombo cha presha. Jaribu kupitisha ukingo wa karatasi chini ya kichwa. Ikiingia, ribiti haikukazwa sawasawa, au ukuta ni mwembamba umevutika. Angalia pia kama ukuta kuizunguka ribiti umebonyea. Mbonyeo huo hutokea bati jembamba linapopigiwa ribiti kwa nguvu, na kila unapoinua sufuria iliyojaa, bati hilo linakunjwa kidogo tena mpaka linapata ufa.

Ukitaka uhakika, jaza maji yapite juu ya ribiti, kausha nje, zungusha karatasi kavu chini ya bati la mkono, uache kwa saa moja. Karatasi ikilowa, mvuke nao utapita hapo. Kwenye presha kuka za chuma kisichoshika kutu bati la mkono mara nyingi limechomelewa, hivyo hutaona ribiti. Pale tafuta madoa madogo ya duara ya kuchomelea na uhesabu: doa moja peke yake halitoshi kuzuia mkono usizunguke.

Kisha fungua skrubu ya mkono, ikiwa muuzaji anakuruhusu.

Hapa ndipo tofauti hujitokeza waziwazi. Mikono mizuri ni ya bakelaiti, ile plastiki ngumu iliyobuniwa na Leo Baekeland mwaka 1907. Haiyeyuki, ikizidiwa na moto inaungua na kuwa mkaa. Ila ni ngumu kiasi cha kukatika, haivutiki. Skrubu ikikazwa moja kwa moja ndani yake, nyuzi zake zinasagika kuwa vumbi, na kila chombo kinapopata moto na kupoa, chuma na bakelaiti hutanuka kwa viwango tofauti na kuzidi kusagana. Mtengenezaji anayejua hilo hupachika kipande cha shaba chenye nyuzi ndani ya bakelaiti, au anaacha nafasi ya nati, ili skrubu ishike chuma. Ukiona shimo lenye shaba au nati, kuna mtu alifikiria. Ukiona shimo la plastiki tupu lenye unga mweusi, sasa unajua kwa nini mkono unacheza, na kwamba kukaza hakutasaidia. Ukizidisha kukaza, bakelaiti inapasuka kuanzia kwenye shimo kwenda ukingoni.

Kwenye presha kuka ile ya pili, basi, mambo yanaweza kwenda njia mbili. Tuseme ribiti tatu zimelala vizuri, meno yanakutana yote, namba ya leseni inajibu kwa jina sahihi, na ndani ya mkono kuna shaba: skrubu imelegea safarini, unakaza robo mzunguko, unanunua. Au ribiti ni mbili za bomba, ukuta umebonyea, skrubu imeng'ata plastiki, na nembo haina namba. Hapo mhuri mzuri haubadilishi kitu.

Na ile ya kwanza, yenye mkono uliotulia? Nayo ikaguliwe. Gundi iliyotiwa kwenye shimo la skrubu hutuliza mkono kwa muda, na alama yake ni mng'ao au ute uliokauka kuzunguka kichwa cha skrubu.

Kitu kimoja mkono na kitako haviwezi kukuambia: kama vali ya usalama inafanya kazi. Vali hizo nyingi zina kiini cha aloi inayoyeyuka joto likizidi, na kwa macho kiini hicho hakitofautiani sana na kipande chochote cha chuma kilichozibwa pale. Vali ibadilishwe na ya mtengenezaji husika, kutoka chanzo unachokiamini, hata kama mengine yote yamepita.

## Kikaango: sumaku kwanza

Kwa vikaango nitakuwa mfupi, kwa sababu hatari yake ni ndogo.

Alumini haivutwi na sumaku, hivyo kikaango cha alumini chenye alama ya indaksheni lazima kiwe na bati la chuma lililokandamizwa kwenye kitako, mara nyingi lenye vitundu vingi ambavyo alumini imepenya na kulishika. Weka sumaku katikati, kisha isogeze kuelekea ukingoni. Isiposhika popote, alama ni ya uongo. Ikishika katikati tu, kwenye duara dogo, jiko litapasha hapo tu. Na ukucha ukiingia kati ya bati na alumini, bati hilo litabanduka kwa moto.

Kwenye mkono kuna mifumo miwili ya kawaida. Ribiti zinazoonekana ndani si dalili ya ubaya, hata zisipofunikwa na utando. Watengenezaji wazuri huzitumia. Kinachosumbua ni utando uliokatika kuzunguka kichwa cha ribiti, maana hapo ndipo utaanza kubanduka. Mfumo wa pili una nguzo fupi iliyochomelewa nje, na skrubu ndefu inayopita ndani ya mkono mpaka kwenye nguzo hiyo. Shika kikaango kwa mkono mmoja na ujaribu kuuzungusha mpini kwa mwingine, kama unayefungua bomba. Kola ya chuma kati ya mpini na kikaango inapaswa kuwa na ulimi au bapa la kuuzuia. Pasipo na hilo, mpini umeshikwa na mbano wa skrubu pekee, na utazunguka siku kikaango kimejaa mafuta ya moto.

Utando wenyewe haupimwi kwa kitako. Utando wa PTFE, ile plastiki ya nonstiki iliyo kwenye Teflon, huanza kuharibika ukipita takribani nyuzi 260, uwe wa jina lolote, na maandishi kwamba hauna PFOA, kemikali iliyokuwa ikitumika kuutengeneza, hayamaanishi kwamba hauna PTFE.

## Chupa ya chai: tundu linalosema kila kitu

Themosi ya chuma ina kuta mbili na kati yake ombwe, yaani nafasi iliyonyonywa hewa. James Dewar alibuni chombo cha namna hiyo mwaka 1892, na kanuni haijabadilika: hewa ikiingia hata kwa tundu la sindano, chupa imekufa.

Kwa hiyo angalia mkono umefungwaje. Kama kitako kinadai chupa ni ya ombwe yenye kuta mbili za chuma, na mkono umeshikwa kwa skrubu au ribiti iliyotoboa ukuta wa nje, madai hayo hayawezi kuwa kweli kwa ukuta huo. Mkono wa chupa ya kweli ya aina hii umechomelewa juu ya ukuta bila kuutoboa, au umebanwa kwa mkanda, au umekaa kwenye kola ya plastiki shingoni. Isipokuwa chupa yenye kioo ndani: pale ombwe liko ndani ya kioo, na bati la nje ni koti tu, hivyo ribiti si tatizo. Fungua mfuniko na umulike ndani ujue ni ipi kabla ya kulaumu.

Maandishi "18/10" au "SUS304" kwenye kitako au ndani ya chupa, yanayotaja daraja la chuma kisichoshika kutu, yana udhaifu ule ule wa mihuri yote, na sumaku haitakusaidia hapa. Chuma cha 304 na kile cha bei nafuu cha 201, chenye nikeli kidogo na manganizi nyingi, vyote kwa kawaida havivutwi na sumaku, au huvutwa kidogo tu pale vilipokunjwa.

Kinachobaki ni maji ya moto. Jaza yanayochemka, funga, subiri dakika kumi, kisha pitisha kiganja kuanzia shingoni kwenda chini. Shingo kuwa na uvuguvugu ni kawaida, kwani hapo kuta mbili zinaungana. Tumbo na kitako vinapaswa kuwa baridi kama chupa tupu. Kukiwa na joto sehemu yoyote ya tumbo, hakuna ombwe, na chupa irudishwe siku hiyo hiyo, ikiwa bado na boksi lake.